Uso Ni Shahidi wa Mwisho: Kusoma Picha za Omega ya Zamani

Mtu akitaka nimwangalizie saa ya zamani, karibu kila mara hunitumia picha moja: uso wa saa, umepigwa mbele moja kwa moja, mwanga mkali, jina la kampuni likisomeka vizuri. Picha hiyo naiweka kando kwanza. Uso ndio sehemu rahisi kuliko zote kubadilishwa, kwa kuwa unashikwa na miguu miwili midogo na skrubu ndogo mbili za pembeni, na fundi mwenye mkono mzuri anautoa na kuweka mwingine kabla chai yake haijapoa. Kwa hiyo mimi huanzia nyuma: mashine, kisha upande wa ndani wa mfuniko, kisha kasha. Uso nauita mwisho, kama shahidi anayesikilizwa baada ya wengine wote kusema.

Utaratibu huu nimeujenga pole pole, hapa hapa Nairobi, nikinunua na kuuza saa kati ya Ngara na River Road, na nikikaa saa nyingi kwenye meza ya mzee mmoja ambaye ametengeneza saa tangu nikiwa mtoto. Nitaueleza kwa kutumia saa moja, kwa sababu saa hiyo ilikuwa na karibu kila kitu.

Mwalimu mmoja wa Donholm alikuwa anamtafutia baba yake Omega Seamaster. Mzee alikuwa nayo zamani akaiuza ili kulipa karo, na bintiye alitaka kumrudishia ya aina ile ile. Akapata muuzaji Ngara, kijana aliyekuwa akiuza vitu vya marehemu mjomba wake, na bei ilikuwa Sh80,000. Akanitumia ile picha ya uso. Nikamwambia, "Mwalimu, mwombe anitumie picha nyingine, na azitume kama faili, si kama picha za kawaida." Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na kinachopotea kwanza ni kingo za herufi ndogo na mikwaruzo myembamba, yaani vile vile ninavyovitafuta. Nikamwomba pia amwambie kijana azime ile hali ya simu inayolainisha ngozi, maana inalainisha na chuma, na apige kando ya dirisha bila mwako wa kamera, mara moja kwa mbele na mara moja kwa mshazari.

Kijana hakuwa na kifaa cha kufungulia mfuniko, naye hakutaka kuuchokora kwa kisu, jambo lililonipendeza. Alimpelekea fundi wa karibu akafunguliwa, akapiga picha pale pale.

Mashine ya Omega ya miaka ya 1960 ina rangi yake: imepakwa mchovyo wenye wekundu wa shaba, unaofanana sehemu zote. Hapo ndipo jicho langu huenda kabla ya kusoma namba yoyote. Ukikuta daraja moja, yaani bamba linaloshikilia magurudumu ya mashine, lina wekundu na jirani yake lina manjano au limepauka, kuna kipande kilichotoka kwenye mashine nyingine. Kwenye picha ya kijana rangi ilikuwa moja. Skrubu mbili zilikuwa na midomo iliyoliwa na bisibisi isiyotosha, ishara kwamba mtu asiye na vifaa sawa aliwahi kuingia humo. Hilo peke yake si kosa la saa, lakini nililiweka akilini.

Picha ya kwanza ilionyesha nusu tu ya mashine, kwa sababu hii ni saa inayojijaza yenyewe na juu ya mashine kuna rota, kile kipande kizito cha nusu duara kinachozunguka mkono ukisogea. Nilimwomba aigeuze saa kidogo rota idondokee upande wa pili, apige tena. Muuzaji akituma picha moja tu ya mashine ya rota, nusu ya ushahidi imefunikwa, hata kama hana nia mbaya. Kwenye ile ya pili namba zote zikaonekana: aina ya mashine, 565, na namba ndefu ya mfululizo iliyoanzia na 25, yenye tarakimu nane.

Namba hizo mbili zinasema mambo tofauti. Namba ya mfululizo ya Omega inayoanzia milioni 25 huangukia karibu na 1967. Nasema karibu, kwa kuwa majedwali yanayotumiwa na wakusanyaji ni ya makadirio, na mwaka mmoja au miwili huku au kule usikufanye umwite mtu mwongo. Nayo 565 ni mashine ya kujijaza yenye tarehe na mawe 24, vile vito vidogo vinavyopokea msuguano, iliyoanza kutumika katikati ya miaka hiyo ya 1960. Kwa hiyo mashine na umri wake vilikubaliana. Kama ningeona 565 yenye namba ya milioni 17, ya mwishoni mwa miaka ya 1950, ningejua kwamba madaraja yamechanganywa.

Mashine hii ina tabia moja inayokusaidia hata usipoweza kufungua saa. Ukivuta ufunguo wa pembeni hatua ya kwanza unarekebisha saa na dakika. Ukiuvuta zaidi, hadi mwisho, tarehe inaruka siku moja mbele, na ukiuachilia unarudi nyuma kidogo wenyewe. Kila mvuto, siku moja. Mtangulizi wake, 562, hana kitu hicho. Kwa hiyo video fupi ya mtu akivuta ufunguo mara kadhaa huku tarehe ikiruka ni ushahidi wa mashine kupitia uso uliofungwa. Huwa naiomba kila ninapoambiwa kwamba mfuniko umekataa kufunguka.

Upande wa ndani wa mfuniko ulikuwa na namba 166.010. Omega waliutumia mpangilio huu wa tarakimu sita kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960, na tatu za kwanza zinasomeka kama maneno: 1 ni saa ya mwanamume, 6 inayofuata ni ya kujijaza yenye mshale wa sekunde katikati, na 6 ya mwisho ni yenye tarehe na kinga ya maji. Isiyo na tarehe ingeandikwa 165. Ya kujaza kwa mkono yenye tarehe ingeandikwa 136. Ukishajua hivyo, mfuniko unaweza kuuliza mashine swali: wewe unajijaza? Una tarehe? Hapa mashine ikajibu ndiyo mara mbili.

Humo ndani kulikuwa pia na mikwaruzo midogo ya sindano, herufi na tarakimu, alama ambazo mafundi huacha wanapoifanyia saa huduma. Watu wengi huziona kama uchafu. Mimi nazipenda, kwa sababu mfuniko uliovaliwa miaka hamsini bila alama hata moja ya fundi unanitia wasiwasi zaidi kuliko wenye alama nne.

Kasha niliangalia masikio yake tu, pale mkanda unaposhikwa. Kwenye kasha ambalo halijasuguliwa sana, ukingo kati ya uso wa juu wa sikio na ubavu wake ni mkali, mstari ulionyooka. Polishi ikipita mara nyingi ukingo unakuwa mviringo na masikio manne yanaacha kufanana unene. Hili lilikuwa limesuguliwa, kwa kiasi, pengine mara moja au mbili. Kioo cha plastiki kilikuwa kipya na hakikuwa na ile alama ndogo ya Omega ambayo kioo cha kiwandani huwa nayo katikati kwa ndani, inayoonekana ukitega mwanga kwa upande. Sikulihesabu. Kioo, ufunguo na mkanda ni vitu vya kuchakaa, na saa iliyofanya kazi miaka yote hiyo ikiwa na kioo chake cha kwanza ni nadra.

Kufikia hapo nilikuwa na kasha na mashine vinavyoongea lugha moja. Ndipo nikafungua picha ya uso.

Uliandikwa OMEGA, chini yake Seamaster, kwa mwandiko wa kuunganisha. Herufi zilikuwa kali, miguu ya herufi za OMEGA ikiwa myembamba na kamili. Sikuona dalili ya kupakwa upya. Uso uliopakwa upya hujitaja kwenye picha ya mshazari: rangi hujikusanya kama ukuta mdogo chini ya alama za saa zilizobandikwa, kingo za dirisha la tarehe huwa nene, na mstari wa dakika hupanda juu ya alama au huachana nazo, kwa sababu mpaka rangi hana mashine ya kiwandani ya kuchapia. Huu ulikuwa wa kiwandani. Chini kabisa, karibu na saa kumi na mbili ya chini, palisomeka T SWISS MADE T.

Tatizo lilikuwa neno ambalo halikuwepo. Uso wa Seamaster inayojijaza ya wakati huo kwa kawaida huandikwa Automatic. Omega walijivunia jambo hilo, hawakulificha. Uso usio na neno hilo kwa kawaida ni wa saa ya kujaza kwa mkono. Nikatazama dirisha la tarehe kwa karibu: tarakimu 14 ilikaa juu na kulia, 4 ikikaribia ukingo. Halafu nikachukua rula, nikaiweka kwenye skrini kutoka katikati ya mishale hadi katikati ya ufunguo wa pembeni. Alama ya saa tisa, pale penye dirisha, haikuwa kwenye mstari huo. Uso mzima ulikuwa umezunguka kidogo sana kuelekea chini. Uso unaoshikwa na miguu yake hauwezi kuzunguka. Kwa hiyo nilimwambia Mwalimu kwamba, kwa maoni yangu, uso huu ni Omega halisi, wa umri ule ule, lakini umetoka kwenye saa nyingine, na miguu yake imekatwa au imevunjika.

"Sasa ni feki ama si feki, kaka?" akauliza.

Nikamjibu kwamba hakuna kipande feki nilichokiona, ila saa haikuzaliwa hivi. Na bado sikuwa nimeangalia rangi ya gizani.

Zile T mbili zinamaanisha kwamba rangi inayong'aa kwenye alama na mishale ina tritiamu. Kabla yake walitumia radiamu, ambayo iliachwa kwenye saa za Uswisi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwishoni mwa miaka ya 1990 tritiamu nayo ikatoa nafasi kwa rangi za kizazi cha Luminova, zisizo na mionzi, zinazokunywa mwanga na kuutoa baadaye. Tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12.3. Piga hesabu kutoka 1967 hadi leo: nusu imepigwa zaidi ya mara nne na nusu, haijabaki hata sehemu moja ya ishirini. Kwa hiyo saa ya 1967 yenye rangi yake ya asili haiwezi kukuangazia usiku kucha. Muuzaji akikusifia kwamba "bado inawaka kama mpya," anakueleza bila kujua kwamba rangi ni mpya.

Kipimo changu kinahitaji tochi ya urujuanimno, ile ile ambayo maduka hutumia kukagulia noti. Saa inawekwa gizani kwa saa moja hivi. Simu inawekwa juu ya kitu isitikisike, na kiwango cha mwangaza wa picha kinafungwa kisibadilike kwa kushikilia kidole kwenye skrini, kwa sababu simu ikiachwa ijirekebishe yenyewe itaongeza mwangaza giza likiingia na kila kitu kitaonekana kung'aa. Halafu video moja isiyokatwa: tochi inamulika uso kwa sekunde kumi, inazimwa, kamera inaendelea kurekodi dakika moja. Kinachosomwa ni ile dakika ya baada ya tochi. Rangi ya zamani ya tritiamu huitikia tochi ikiwa inamulika, kisha hufifia haraka, mara nyingi ndani ya sekunde chache. Rangi ya kisasa hubaki inang'aa kijani au samawati, na dakika ikiisha bado inasomeka.

Kijana wa Ngara alifanya kama nilivyomwelekeza. Tochi ilipozimwa, vidoti vya uso vilikufa karibu papo hapo. Mishale miwili ikabaki hewani peke yake, kijani, wazi kabisa hadi mwisho wa video.

Kwa mwanga wa mchana tofauti hiyo haikuwa kubwa: vidoti vilikuwa vya kahawia nyepesi, mishale ikiwa ya rangi ya maziwa. Rangi peke yake siiamini. Mishale na uso vinaweza kupakwa mchanganyiko tofauti tangu kiwandani na vikazeeka tofauti, unyevu huvitia weusi, na wapo wanaochanganya rangi mpya na kahawia ili ifanane na ya zamani. Kung'aa baada ya tochi ndiko kunakosema zaidi, ingawa kunasema upande mmoja tu: kinachoendelea kung'aa ni kipya, lakini kisichong'aa si lazima kiwe cha zamani, maana kuna rangi za kutengenezea zisizo na mwanga wowote.

Hapa niweke neno kuhusu radiamu, kwa kuwa saa hizo zipo nyingi kwenye masanduku ya wazee. Nusu-uhai wake ni kama miaka 1,600. Rangi yake imeacha kung'aa kwa sababu kemikali iliyokuwa ikitoa mwanga imechoka kwa kupigwa na mionzi, lakini radiamu yenyewe ipo pale pale. Dalili moja ya picha ni kivuli cha kahawia kwenye uso, chenye umbo la mishale, pale saa iliposimama miaka mingi sehemu moja. Ukiona hivyo usifungue kioo, usikwangue rangi, wala usipulize vumbi lake. Mwambie fundi kabla hajaigusa.

Tulikutana na kijana kwenye meza ya yule mzee fundi. Mzee akavaa lenzi yake, akatoa mashine kwenye kasha, akaigeuza. "Tazama mwanangu," akasema, akainua uso kwa kibanio. Ulitoka bila skrubu kufunguliwa. Chini yake kulikuwa na vidoti viwili vya gundi ya karatasi, vimekauka rangi ya manjano, na mahali pa miguu palibaki visiki viwili vilivyolainishwa kwa tupa. Kwenye sahani ya mashine, pembeni ya matundu ya miguu, kulikuwa na doa la kutu ya kijani lililoanza chini ya ufunguo na kupanda kuelekea kwenye dirisha la tarehe. Mzee alilitazama sana. Maji yaliingilia kwenye ufunguo, akasema, na uso wa kwanza lazima uliharibika. Fundi aliyepewa saa hiyo alitafuta uso wa Omega wenye dirisha la tarehe, akaupata, miguu ikakataa kulingana na matundu, akaikata. Mishale nayo ilikuwa imeshika kutu, akaikwangua na kuipaka rangi mpya.

Maelezo hayo yalinigusa. Kuna saa zinazounganishwa ili kumwibia mtu, na kuna saa ambazo fundi aliziokoa kwa alichokuwa nacho, mwenyewe akaendelea kuzivaa na kwenda nazo kazini. Picha zinakuonyesha kilichobadilishwa. Haziwezi kukwambia ni kwa nia gani, na kijana yule hakustahili kuitwa tapeli kwa kazi iliyofanywa pengine kabla hajazaliwa. Kuna hata nyuso na mishale ambayo kampuni yenyewe iliweka wakati wa huduma, halisi kabisa, ila changa kuliko kasha. Nawahurumia wauzaji wanaotukanwa kwa hizo.

Bei hata hivyo ni jambo lingine. Kwenye saa ya namna hii uso ndio unaobeba sehemu kubwa ya thamani, na anayenunua uso uliokatwa miguu ananunua kitu ambacho hakiwezi kurudishwa kwenye saa yake ya kwanza. Kuunganisha miguu mipya kwa moto ni hatari, joto linapita kwenye shaba nyembamba na kuunguza rangi ya upande wa mbele. Tuliongea na kijana waziwazi, mashine ikiwa imefunguliwa mbele yetu sote, tukafika Sh52,000. Mzee alisafisha kutu, akapaka mafuta mapya, akabadilisha raba ya mfuniko na ya ufunguo, akaurudisha uso juu ya vidoti vipya, safari hii akiulenga hadi 14 ikakaa katikati ya dirisha.

Nilimwandikia Mwalimu karatasi ya mauzo kwa mkono, kijana akatia sahihi: mashine 565 na kasha 166.010 vinaendana, karibu 1967. Uso ni wa Seamaster ya kujaza kwa mkono, umebandikwa. Mishale ina rangi mpya isiyo ya tritiamu. Kioo si cha kiwandani. Nikaandika namba ya mfululizo yote, na chini yake picha zipi zilichukuliwa. Mwalimu akaikunja na kuiweka ndani ya kiboksi cha saa, na kijana akaipiga picha kwa simu yake, kwa sababu alikuwa na saa nyingine mbili za mjomba wake nyumbani na alitaka kujua aanze na picha gani.